Muzinga yangu imejaa madume, batumikaji banaisha: ni nani anagawa kazi mule ndani?

MwanaKabare · 18 Aprili

Jambo ndugu zangu. Niko na mizinga mbili za vibao, ile batu banaita muzinga ya Kenya, kule Kabare kwa shamba ya mama, karibu na mikalitusi. Moja iko muzuri kabisa, kutoka asubuhi nyuki zinaingia na unga ya njano kwa miguu, unasikia furaha ukisimama pale. Ya pili njo inaniumiza roho.

Tarehe 14 Februari tuliivuna usiku na binamu yangu, moshi ilikuwa mingi, torshi ilikuwa inazimika zimika, tukakata masega tano haraka haraka sababu zilianza kutuchoma. Kesho yake niliona kama masega mbili zilikuwa na vitoto vyeupe ndani, nikajuta sana. Nikasema basi, zitajijengea ingine.

Leo nimefungua nimekuta madume mingi mingi, yenye macho makubwa, yanatembea juu ya masega na kulia vuuu. Batumikaji njo wamekuwa kidogo, tena wale wenye kubakia ni weusi, wanang'aa sawa vile walipakwa mafuta, manyoya imeisha kwa mugongo. Kwa mulango hakuna hata mmoja mwenye kuleta unga. Asali nayo inashuka. Sasa ninauliza: je, madume njo yalifukuza wale wengine? Na malkia iko wapi, mbona haamuru batumikaji bayaue? Niyaponde mi mwenyewe?

---

MtotoWaKatuba · 18 Aprili

Ndugu ya Kabare, huku kwetu Lubumbashi wazee bako na mizinga ya magamba ya miti mule porini na hii mambo tunaijua. Malkia njo shefu, yeye njo anapima kila mutu kazi yake, huyu atafuta maji, huyu alinde mulango, huyu ajenge. Akizeeka anashindwa kukomanda, alore anaanza kuzaa madume tu. Dume haina kazi, inakula buki bure. Ponda hayo madume yote, tafuta malkia uue, ununue mwingine mudogo, utaona muzinga inang'aa tena.

---

PapaMizinga_Bkv · 18 Aprili

Leki wa Kabare, pole. Kwanza usiponde kitu, na usinunue malkia, nitakuambia sababu.

Leki wa Katuba amesema kitu kimoja cha kweli: malkia mzee anaweza kuishiwa na mbegu za kiume alizobeba tumboni, na hapo mayai yake yote yanakuwa madume. Hiyo iko. Lakini habari ya shefu hapana. Mule ndani hakuna shefu wa kartie anayepita nyumba kwa nyumba kuita watu salongo. Malkia hajui nani amekwenda kwa maji. Yeye anazaa tu. Siku za maua mengi anaweka mayai zaidi ya 1000 kwa siku moja, na hata chakula hajitafutii, wanamlisha kwa mdomo.

Kitu anachotoa, ukiacha mayai, ni harufu. Wale vijana wanaomzunguka wanamlamba, wanamgusa kwa pembe zao, kisha wanakwenda kugusana na wenzao, na hiyo harufu inapita muzinga wote. Ukimtoa malkia asubuhi, mbele ya usiku utasikia mlio wa muzinga umebadilika, unalia kama watu wa msibani. Harufu ile ikiwako, pamoja na harufu ya vitoto, mayai ya ndani ya tumbo la mtumikaji hayakomai. Maana mtumikaji naye ni mwanamke, tumbo la uzazi analo, ila limelala.

Na dume asidharauliwe. Hana mwiba, hana kikapu cha unga kwa miguu, hajui kujenga wala kulinda, ni kweli. Lakini zile jicho kubwa ni za kuona malkia kijana angani. Malkia anatoka siku chache tu katika maisha yake, anapandwa na madume kumi, kumi na tano, hata ishirini, tena huko juu, na kila dume anayefaulu anakufa palepale. Baada ya hapo ana akiba ya miaka.

Sasa kazi yako. Kesho kutwa ukiwa na jua nzuri, simama na jua nyuma ya bega, inua sega na uangalie chini kabisa ya vyumba vidogo. Nataka unijibu maswali matatu tu. Kila chumba kina yai moja ao mengi? Yai limesimama chini katikati ao limebandikwa kwa ukuta? Na yale madume ni makubwa kama ya ule muzinga mzuri ao ni madogo?

---

Yaya_Himbi · 19 Aprili

Jambo bapapa na bandugu. Mi niko Goma, sina muzinga, ila nyuki ziliingia mu plafo ya nyumba yetu ni mwaka wa pili. Mwaka jana mwezi wa saba niliona kitu ilinishitusha. Asubuhi kwa barza chini ya kile kitundu kulikuwa nyuki kubwa kubwa zimekufa, sawa hamsini. Nikakaa kwa kiti nikaangalia. Nyuki mudogo anatoka akivuta ile mukubwa kwa bawa, anaiuma pale bawa inashikana na mugongo, ile mukubwa haijitetee hata, inajaribu tu kurudia ndani, na mwengine anakuja kusaidia kuvuta. Watoto walisema banaua bafalme yao. Ni hizo dume? Na kwa nini kwa Kabare haziuwi?

---

PapaMizinga_Bkv · 19 Aprili

Mama wa Himbi, umeona vizuri kuliko watu wengi wenye mizinga. Ndiyo, ni madume. Mwezi wa saba ni kiangazi, maua yamepungua, chakula kinahesabiwa, na dume mmoja anakula zaidi ya mtumikaji. Wakiona njaa inakuja wanaacha kuwalisha, wakilegea wanawatupa inje. Muzinga wenye malkia mzima una uhakika kwamba wakati maua yatarudi atazaa madume wengine.

Muzinga usio na malkia haufukuzi. Unawashika madume wake, tena unapokea hata wa majirani wanaopotea njia. Njo maana nasema Kabare tatizo si madume. Madume ni alama tu.

---

FundiMbao_Goma · 19 Aprili

Mwenye kutaka muzinga ya vibao natengeneza, mbao ya mukalitusi mukavu, niandikie kwa pembeni.

---

MwanaKabare · 20 Aprili

Papa, nimetoka huko sasa hivi, mikono inanuka moshi. Nilifanya vile ulisema, jua nyuma ya bega.

Mayai yako. Lakini si moja. Kuko chumba nilihesabu tatu, kingine tano, zimelala ovyo, ingine juu ya ingine, na mingi imebandikwa kwa ukuta katikati, haikufika chini. Kuko vyumba vya unga navyo viko na yai juu ya unga! Vile vyenye vimefunikwa, kifuniko kinatoka inje sawa punje ya mahindi, halafu vimetawanyika, hapa kimoja, pale viwili, katikati vitupu. Na madume ni madogo. Nilileta moja ya ile muzinga muzuri kwa kiberiti nikalinganisha, ya huku ni mudogo kabisa.

Kitu kingine. Kwa pembeni ya sega moja nimeona vitu vitatu sawa karanga yenye ganda, vinaning'inia mudomo chini. Kimoja kimefunguka kwa ncha, kifuniko kinashikilia kidogo sawa mulango ya boksi. Vile viwili vimetobolewa kwa ubavu. Malkia sikuona.

---

PapaMizinga_Bkv · 20 Aprili

Basi tumeelewa. Ahsante kwa kuangalia ubavu na ncha, hiyo ndiyo imenipa hadithi yote.

Hauna malkia. Wanaozaa ni watumikaji. Mtumikaji hawezi kupandwa na dume, na yai lisilo na mbegu kwa nyuki halikufi, linakuwa dume. Tumbo lake ni fupi, halifiki chini ya chumba, kwa hiyo yai linabaki kwa ukuta. Na wanaozaa ni wengi, kila mmoja anaweka lake, ndiyo sababu umekuta tano. Dume akilelewa ndani ya chumba cha mtumikaji anatoka mdogo, na kifuniko lazima kivimbe ili apate nafasi. Malkia mzee aliyeishiwa mbegu angeweka moja moja, chini, katikati, kwa utaratibu. Hapo leki wa Katuba angekuwa na haki.

Sasa tuhesabu siku, kwa kuwa muzinga ni kalendari.

Usiku wa 14 Februari malkia alikufa, pengine ndani ya sega mlilokata. Lakini mliacha vitoto vichanga kwa sega moja, na nyuki wakafanya kazi yao. Ujue yai la malkia na la mtumikaji ni lilelile. Siku za kwanza vitoto vyote vinapewa maziwa meupe yanayotoka kichwani mwa walezi. Yule wa kuwa mtumikaji anabadilishiwa, anaanza kupewa asali na unga. Yule wa kuwa malkia anaogelea ndani ya maziwa mpaka mwisho, na chumba chake kinarefushwa, ndiyo ile karanga yako. Zilikuwa tatu.

Malkia anatumia kama siku 16 kutoka yai, mtumikaji kama 21, dume 24. Nyuki zetu za Afrika zinaweza kuwahi siku moja, mbili. Kama walichagua kitoto cha siku moja, malkia kijana alitoka yapata tarehe 26 Februari. Alifungua kwa ncha, akatoka, akaenda kutoboa dada zake kwa ubavu. Umeona vitundu mwenyewe.

Mpaka hapo kila mtu alifanya kazi yake. Kisha malkia kijana anahitaji kama juma moja kukomaa ndipo atoke kuruka. Hiyo ni mwanzo wa Machi, na Kabare mwanzo wa Machi unajua mvua yake. Ao alizuiwa na mvua, ao alitoka ndege akamkamata, ao alirudi akakosa mlango. Hakurudi.

Na hapo mlango ulikuwa umefungwa. Yai la mwisho la mama yake lilikuwa la 14 Februari, kitoto cha mwisho kilifunikwa karibu 23 Februari. Malkia kijana alipopotea hapakuwa na kitoto hata kimoja kichanga cha kugeuza malkia. Harufu ya malkia haiko, harufu ya vitoto haiko, basi tumbo zilizolala zikaamka.

---

MwanaKabare · 20 Aprili

Papa, nimesoma mara tatu, nimekaa kimya. Donki ni ile usiku tu.

Lakini sielewi kitu kimoja. Kama batumikaji bako, hata wachache, kwa nini hawaleti unga tena?

---

PapaMizinga_Bkv · 20 Aprili

Kwa sababu ya vitoto. Unga ni chakula cha vitoto na cha walezi. Kitoto chenye njaa kinatoa harufu, harufu inasukuma wazoaji waende kwa unga. Vitoto vikiwa vichache wanapunguza. Ukitaka kujua kama muzinga una malkia bila kufungua, kaa mlangoni asubuhi uangalie miguu.

Na hesabu umri wao. Mtumikaji wa mwisho wa malkia wako alitoka kwa chumba karibu 7 Machi. Leo huyo ndiye mdogo wa nyumba, ana siku 44. Kwa kawaida mtumikaji anaishi majuma sita hivi wakati wa kazi nyingi. Hawa wamesukuma zaidi kwa sababu hawakulea, kulea kunawachosha sana. Lakini una nyumba ya wazee peke yao, ndiyo maana wanang'aa mgongo.

---

Agro_Walungu · 21 Aprili

Samahani kwa kuingilia, mi nilisoma agronomia. Shuleni walitufundisha kwamba mtumikaji ana kazi kwa tarehe: siku 1 mpaka 3 anasafisha vyumba, kisha analea, kisha anajenga na kupokea asali, kama siku ya 18 ni sentineli, siku ya 21 anatoka shamba. Kama ni hivyo huyu ndugu hata akipewa vitoto, hao wazee wa siku 44 hawawezi kulea, maziwa yao yameisha. Bora avunje muzinga aunganishe na ule mzuri, amalize.

---

PapaMizinga_Bkv · 21 Aprili

Ndugu wa Walungu, ile orodha ni ya kweli kama mazoea, si kama sheria.

Miaka iliyopita nilitengeneza muzinga mdogo wenye kioo kwa ubavu. Nikachukua kutekisi nyekundu ya mke wangu, nikagusa mgongo wa nyuki 40 waliokuwa wanatoka kwa chumba siku hiyohiyo, wale bado wana rangi ya kijivu na hawajui kuchoma. Nikakaa hapo kila jioni na daftari. Siku za kwanza unaona nukta nyekundu inaingia chumbani kichwa mbele, matako tu yanabaki inje, anasafisha. Kisha unaiona kwa vitoto, inaingiza kichwa kidogo, inatoka, inaingia kingine, kutwa mzima hivyo. Ilipopita juma mbili zikaanza kushuka karibu na mlango, zinapokea asali kwa mdomo wa wale waliotoka shamba. Ya kwanza kuja na unga ilikuwa siku ya 17, ingine siku ya 25, na kuko moja ilikuwa ingali kwa vitoto siku ya 22. Na nyingi unaziona zinatembea tu ao zimesimama, hazina kazi yoyote.

Kinachowasukuma ni umri pamoja na haja ya nyumba. Wale wa shamba wakiwa wengi, vijana wanachelewa kutoka. Dawa ya mashamba ikiua wa shamba, vijana wanatoka mbele ya wakati, hata siku ya 10, ingawa wanakufa upesi. Na kinyume pia kinawezekana, mzee akikosa mlezi nyumbani anaweza kurudia kulea, ile tezi ya maziwa inajaa tena kidogo. Si wote, na si vizuri kama kijana. Hapo una haki nusu, na sitakupinga ukisema kuunganisha ni rahisi zaidi.

Ila ukiunganisha sasa hivi, wale wanaozaa wanaweza kumshambulia malkia wa muzinga mzuri. Mwenye mizinga mbili akihatarisha malkia pekee aliye naye, mi naogopa.

---

MtotoWaKatuba · 21 Aprili

Papa nakubali habari ya mayai, nimejifunza. Lakini kwetu kuko njia ya tatu. Ubebe muzinga, uende metre 50 ao 100, uyakung'ute masega yote kwa majani, urudishe muzinga tupu pale palikuwa. Wale wazima watarudi kwa njia banajua. Wale wanaozaa ni wazito, hawajawahi kutoka, watapotea kwa majani. Kisha njo unaweka malkia.

---

PapaMizinga_Bkv · 21 Aprili

Nilifanya mara mbili. Mara moja ilikubali, mara moja malkia mpya nilimkuta amekufa mlangoni siku ya tatu, amezungukwa na mpira wa nyuki. Wale wanaozaa wengi wao waliisha kuruka inje mbele ya kuanza kuzaa, njia wanaijua. Pengine mara ile iliyofaulu ilifaulu kwa sababu ingine. Siwezi kukuambia kwamba haifanyi kazi, naweza kusema tu sitaijaribu na malkia wa kununua.

MwanaKabare, mi ningefanya hivi. Kutoka muzinga mzuri, toa sega moja lenye mayai, vitoto vichanga na vilivyofunikwa, vyote pamoja. Angalia mara tatu kwamba malkia hayuko juu yake, kisha fagia nyuki wote kwa jani laini warudi kwao. Weka hilo sega katikati ya muzinga mgonjwa. Vilivyofunikwa vitakupa walezi vijana ndani ya siku chache, kwa hiyo hofu ya ndugu wa Walungu inapungua. Vitoto vya wazi vinatoa harufu inayolaza tena zile tumbo. Juma lijalo ongeza lingine. Juma la tatu lingine. Usitegemee karanga za malkia kwa sega la kwanza. Mara nyingi la kwanza wanalea tu kama kawaida, kwa sababu bado wanajidanganya kwamba wana malkia.

Na punguza mlango ubaki wa vidole viwili, muzinga dhaifu unaibiwa asali mchana kweupe.

---

Yaya_Himbi · 22 Aprili

Papa, mbele sijaacha: hao batumikaji wanaozaa ni wabaya? Mbona kwa muzinga nzima hawafanye hivyo, kila mutu azae wake?

---

PapaMizinga_Bkv · 22 Aprili

Hata kwa muzinga mzima wako wachache wanaojaribu. Wenzao wakikuta yai la mtumikaji wanalila. La malkia wanaliacha, wanayatofautisha. Lakini malkia akipotea na nyumba haina tena njia ya kutoa malkia, hakuna anayekula la mwenzake. Yale madume madogo umeona Kabare yana mbegu nzuri, ingawa si nyingi kama ya dume kubwa, na yanaweza kuruka na kupanda malkia wa muzinga mwingine. Nyumba inakufa, watoto wa kiume wanatumwa inje na damu yake. Mi siwezi kuita hiyo ubaya, mama.

---

MwanaKabare · 29 Aprili

Habari. Tarehe 22 niliweka sega ya kwanza, ilinichukua saa moja kutafuta malkia wa ule muzinga nzima ili nihakikishe hayuko juu yake. Nilimuona! Murefu, anatembea pole, wanamupisha njia kisha wanamugeukia wote na vichwa.

Leo nimeweka ya pili. Kwa ile ya kwanza hakuna karanga, vile ulisema. Lakini vitoto viko katikati ya maziwa, vinang'aa, havikukauka, ina maana kuko mwenye anawalisha. Nimeona pia vijana wa kijivu wanatembea. Mayai ya tano tano bado yako kwa masega ya zamani.

---

Agro_Walungu · 29 Aprili

Wazee wamelisha kweli? Ao ni wale vijana waliotoka?

---

MwanaKabare · 29 Aprili

Siwezi kusema. Siku mbili za kwanza kijana alikuwa bado hajatoka hata mmoja, niliinua kidogo tarehe 24 sababu roho haikutulia, na vitoto tayari vilikuwa na maziwa.

---

MwanaKabare · 6 Mei

Papa! Sega ya pili iko na karanga mbili, zote mbili zimefunikwa, ziko katikati ya sega si kwa pembeni. Nimezihesabu, nimezifotografia, nimeshusha kibao pole pole bila kutikisa. Mayai ya kwa ukuta imepunguka sana, nilitafuta nikapata vyumba saba hivi tu. Na kwa mulango asubuhi nimeona nyuki ine zenye unga ya njano. Ine! Nilikaa pale mpaka mama akaniita chakula.

Sega ya tatu nimeiweka pia. Ule muzinga nzima sasa naogopa kuudhoofisha, sitatoa tena.

---

PapaMizinga_Bkv · 6 Mei

Usitoe tena, tatu zinatosha.

Sasa hesabu. Sega la pili uliweka 29 Aprili. Kama walichukua kitoto cha siku moja, malkia atatoka karibu 11 Mei. Mpe juma moja akomae, atatoka kuruka kati ya 17 na 22, na huo wakati mvua inaanza kupunguka, Machi haukuwa na bahati hiyo. Madume ya kumpanda yatakuwa ya muzinga wako mzima na ya majirani. Baada ya kurudi anahitaji siku mbili, tatu, ndipo aanze kuzaa.

Usifungue kutoka 10 Mei mpaka 28 Mei, hata roho ikikuuma. Malkia kijana anashituka upesi, na akirudi kutoka angani akute umeinua vibao, anaweza kupotea. Kaa inje, angalia miguu.

28 Mei tafuta yai moja, chini, katikati.

---

MtotoWaKatuba · 7 Mei

Na akikosa kurudi tena?

---

PapaMizinga_Bkv · 7 Mei

Basi nyuki wa lile sega la tatu wataunganishwa na muzinga mzima, wangali vijana, na ndugu wa Walungu ndiye atakuwa alisema kweli.

---

MwanaKabare · 28 Mei

Yai moja. Chini. Katikati. Sega nzima upande moja, chumba kwa chumba, moja moja moja. Yeye mwenyewe sikumuona, sikutafuta, nilifunga. Madume madogo bado yanatembea mule ndani, leo nimeona mtumikaji mmoja anavuta moja kwa bawa kuelekea mulango.